Cheti cha 6G kwa Fundi Aliyevuka Miaka Hamsini

Cheti cha 6G ni uthibitisho kwamba mchomeleaji ameunganisha vipande viwili vya bomba la chuma vilivyofungwa vikiwa vimeinama kwa nyuzi 45, bila bomba hilo kuzungushwa wala kusogezwa, na kwamba mshono wake umepimwa ukafaulu. Mkao huo humlazimisha fundi kupitia hali zote za kuchomelea katika kazi moja: kwa chini akiwa ameangalia juu, kwa ubavuni, na kwa juu akiwa ameinamia. Ndiyo maana anayefaulu 6G huhesabiwa kuwa amefaulu na mikao mingine, na ndiyo maana wakandarasi wa mabomba ya mafuta na gesi, matangi na mitambo ya umeme hukiulizia.

Nchini Tanzania cheti hiki kimezungumzwa zaidi tangu kuanza kwa Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Wengi wanaovutiwa nacho ni vijana waliotoka vyuoni. Lakini wapo pia mafundi wenye miaka 50 na zaidi, waliokaa nusu ya maisha yao wakitengeneza mageti, grili za madirisha, mabodi ya malori na matangi ya maji, wanaojiuliza kama inafaa kulipa ada na kufunga karakana kwa wiki kadhaa ili wapate karatasi hiyo. Kwa kijana swali hili ni jepesi, kwa kuwa ana miaka 30 mbele ya kurudisha gharama. Fundi wa miaka 53 huenda ana saba au kumi. Hesabu yake inastahili kufanywa kwa penseli kabla ya kwenda benki.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kile ambacho cheti hiki husema na kile ambacho hakisemi, kwa sababu hapo ndipo hela nyingi hupotelea. Mtihani wa 6G hufanywa kwa kufuata kanuni maalumu. Inayotumika sana kwa mitambo na mabomba ya viwandani ni ASME IX, ya Jumuiya ya Wahandisi Mitambo ya Marekani; kwa mabomba marefu ya kusafirisha mafuta na gesi hutumika zaidi API 1104. Kanuni hizo hazimpi fundi shahada ya kudumu. Zinamtaka mwajiri ajiridhishe kwamba mtu anayemtuma kwenye bomba anaweza kazi hiyo hasa. Kwa hiyo mkandarasi anayeajiri huwapima mwenyewe wachomeleaji wake, hata wale waliokuja na vyeti kutoka kwingine. Fundi hufika getini na bahasha, bahasha hufunguliwa na kusomwa, kisha hupelekwa kwenye kibanda cha majaribio na kupewa bomba. Akishindwa pale, cheti alichokuja nacho hakimsaidii. Akifaulu, mkandarasi humwandikia rekodi yake mpya.

Kazi ya cheti cha chuo, basi, ni kumfikisha fundi kwenye kibanda cha majaribio. Hiyo si kazi ndogo, maana panapokuwa na waombaji mamia, msimamizi huwachagua wa kuwapima kwa kutazama karatasi. Lakini kinachomwingiza kazini ni mkono wake siku ile. Mtu aliyelipa ada akapata cheti bila kupata mazoezi ya kutosha amenunua nauli ya kwenda kushindwa.

Jambo la pili ni uhai wa cheti. Chini ya ASME IX, sifa ya mchomeleaji kwa njia fulani ya kuchomelea hukoma asipoitumia njia hiyo kwa miezi 6 au zaidi. Cheti cha 6G mara nyingi huhusisha njia mbili: mshono wa kwanza wa ndani huchomelewa kwa TIG, yaani kwa ncha ya tangsteni na gesi ya agoni, na tabaka zinazofuata huchomelewa kwa elektrodi za kawaida. Fundi akirudi karakanani kwake, ambako hakuna mashine ya TIG wala mtungi wa agoni, upande wa TIG wa cheti chake unaanza kufa siku ileile anayofunga mlango wa chuo. Baada ya nusu mwaka anakuwa na karatasi nzuri ya kuning'iniza ukutani.

Jambo la tatu ni mipaka ya bomba lililotumika. Mtihani unaofanywa kwa bomba la inchi 6 lenye ukuta wa milimita 11 humruhusu fundi kuchomelea mabomba yenye kipenyo cha nje cha milimita 73 na kuendelea. Mabomba madogo zaidi ya hapo yanabaki nje, na viwandani mabomba madogo ni mengi kuliko makubwa. Mtihani wa bomba la inchi 2 lenye ukuta mnene humfungulia mlango wa mabomba kuanzia kipenyo cha milimita 25. Unene nao una mpaka: kwa tabaka zisizofika milimita 13, ruhusa huishia kwenye mara mbili ya unene aliochomelea. Fundi anayelipa ada ana haki ya kuuliza ni bomba gani litatumika siku ya mtihani. Chuo kisichoweza kujibu swali hilo papo hapo hakifai kulipwa.

Baada ya hapo ndipo hesabu ya fedha ianze. Tuchukue mfano wa fundi wa Tanga mwenye miaka 53. Akitoa gharama za vyuma, umeme na ujira wa saidia fundi, karakana humwachia wastani wa shilingi 30,000 kwa siku, na hufanya kazi siku 24 kwa mwezi. Jumla ni shilingi 720,000. Tuseme kozi aliyoiona iko Dar es Salaam, ni ya wiki 6, na ada yake ni shilingi 1,500,000. Bei hizi ni za mfano tu, na kila msomaji aweke za kwake.

Watu wengi huishia kwenye ile milioni moja na nusu. Lakini wiki 6 zenye siku 6 za kazi ni siku 36, na kila siku ilikuwa na shilingi 30,000. Hapo limepotea pato la shilingi 1,080,000. Chumba, chakula na nauli za daladala kwa siku 42, kwa shilingi 15,000 kila siku, ni shilingi 630,000 nyingine. Gharama kamili ni shilingi 3,210,000. Ada, iliyoonekana ndiyo gharama, haifiki hata nusu yake. Na bado hawajahesabiwa wateja watakaokuta karakana imefungwa, wakaenda kwa jirani na kumzoea.

Upande wa faida, tuseme mkataba kwenye mradi humpa shilingi 1,300,000 mkononi kwa mwezi. Kosa la kawaida ni kuhesabu milioni hiyo yote kama faida. Faida halisi ni tofauti kati yake na zile 720,000 ambazo angezipata hata kama asingesoma, yaani shilingi 580,000. Ukigawa 3,210,000 kwa 580,000 unapata miezi mitano na nusu. Fundi huyu anahitaji takribani miezi 6 ya mkataba wenye malipo ili arudi tu pale alipoanzia. Miezi inayozidi hapo ndiyo ya kwake.

Miezi 6 inasikika kuwa michache, lakini kazi ya kuchomelea mabomba huja kwa mawimbi. Bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015, na wachomeleaji waliokuwa njiani walitawanyika vipande vya mwisho vilipounganishwa. Bomba likishafukiwa halihitaji mafundi mia wa kulilinda. Tena kwenye mabomba marefu, mishono mingi ya njia kuu hufanywa kwa mashine zinazojiendesha zenyewe, na mkono wa binadamu hubaki kwenye maungio, vituo vya pampu na matengenezo. Mradi wa gesi kimiminika wa Lindi umejadiliwa kwa miaka mingi, na fundi hawezi kupanga bajeti yake kwa kutegemea mradi ambao bado uko mezani. Swali la kuuliza ni la karibu zaidi: je, kuna mkandarasi anayejulikana, anayeajiri au atakayeajiri ndani ya miezi 6 ijayo, ambaye amesema anataka 6G? Kama jibu ni ndiyo, hesabu ya hapo juu ina maana. Kama jibu ni "miradi inakuja", haina.

Hatari ya kushindwa nayo lazima iingie ndani ya hesabu, na hapa ujuzi wa zamani una pande mbili. Fundi wa miaka 30 kazini ana mkono uliotulia na sikio linalojua sauti ya tao la umeme lililo sawa. Hicho ni kitu ambacho kijana hukitafuta kwa miezi mingi. Lakini ana mazoea ya mageti pia. Geti husamehe. Mshono wake haupimwi ndani. Ukipigwa grainda na kupakwa rangi, kazi imekwisha. Elektrodi ya 6013 inayotumika mitaani ni pole, huwaka hata ikiwa imepata unyevu, na haimwadhibu fundi anayeacha tao refu. Elektrodi ya 7018 inayotumika kwenye mabomba inataka tao fupi sana, na lazima itunzwe kwenye oveni, kwa kuwa unyevu uliomo kwenye ganda lake hutoa haidrojeni inayoweza kupasua mshono baada ya kupoa. Fundi aliyezoea kuchomoa elektrodi kwenye boksi lililo wazi hushangaa kuona mtu akikataliwa kazi kwa sababu hiyo tu.

Mshono wa bomba hupimwa kwanza kwa macho. Ndani unapaswa kuwa umepenya kote bila kuning'inia kupita kiasi. Pembeni pasiwe na mfereji uliokula bomba. Kisha hupigwa picha ya eksirei, au hukatwa vipande vinne vinavyopindwa hadi kuwa na umbo la herufi U. Kipande kikifunguka ufa unaozidi milimita 3, fundi ameanguka. Vipande vya kupindwa havina huruma, maana huonyesha hasa kile ambacho rangi ya geti ilikificha: slagi iliyonaswa kati ya tabaka, vishimo vya gesi, na chuma kilicholala juu ya chuma bila kuyeyuka nacho.

Halafu kuna macho. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho hupoteza uwezo wa kuona vizuri vitu vya karibu, na kwenye mshono wa kwanza wa TIG mchomeleaji hufuata kitundu kidogo kinachofunguka mbele ya chuma kilichoyeyuka. Asipokiona vizuri hawezi kukitawala. Fundi anayenyoosha mkono ili asome ujumbe wa simu tayari ana jibu. Tatizo hili si kubwa wala la aibu: lenzi ya kukuza hubanwa ndani ya ngao ya kuchomelea, na miwani ya kusomea huvaliwa chini yake. Lakini apimwe macho kabla ya kulipa ada, kwa kuwa waajiri wakubwa hupima afya kabla ya mkataba. Magoti na mgongo navyo visipuuzwe, kwa sababu sehemu ya chini ya bomba la 6G huchomelewa mtu akiwa amechuchumaa au amelala, na kazi ya bomba hurudia hilo kutwa nzima.

Kwa sababu hiyo, njia yenye akili zaidi kwa fundi wa umri huu ni kupima pengo lake kabla ya kununua kozi nzima. Vipo vyuo na karakana kubwa zinazokubali mtu alipe kwa saa za mashine, au alipie mtihani peke yake bila mafunzo. Anunue vipande vya bomba chakavu, alipie siku chache za TIG chini ya mtu aliyewahi kufaulu, kisha akate mshono wake na kuupinda kwenye jeki. Siku mbili zitamwambia kama anahitaji wiki 6 au wikendi nne. Kwa fundi wa mfano wetu tofauti ni kubwa sana: akifanya mazoezi wikendi nne Tanga kwake na kulipia mtihani tu, na gharama yote ikawa shilingi 900,000, anahitaji mkataba wa chini ya miezi miwili tu kurudisha fedha zake. Kozi ndefu ina thamani kwa asiyejua. Anayejua robo tatu ya kazi hulipishwa robo zote nne.

Iko faida moja ambayo haimo kwenye bahasha ya mshahara, na kwa mtu wa miaka 53 inaweza kuwa kubwa kuliko mshahara wenyewe. Mkataba rasmi huja na michango ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ambayo ni asilimia 20 ya mshahara, ikigawanywa kati ya mwajiri na mfanyakazi. Ili mtu apate pensheni ya uzee ya kila mwezi, anahitaji kuwa amechangia miezi isiyopungua 180, na umri wa lazima wa kustaafu ni miaka 60.

Mafundi wengi wa umri huu waliwahi kuajiriwa kiwandani au kwenye shirika kabla ya kufungua karakana, na miezi yao ya zamani bado iko kwenye rekodi. Kama fundi wetu ana miezi 150, anahitaji 30 tu. Mikataba miwili mitatu, na katikati yake michango anayoweka mwenyewe kama mwanachama aliyejiajiri, vinamfikisha kwenye pensheni ya maisha. Kama ana miezi 40, hata akichangia kila mwezi kwa miaka 7 iliyobaki atafikisha 124, na mkataba wa mradi hautambadilishia hadhi yake kabla ya kufika 60. Watu wawili wenye umri mmoja na mkono mmoja wanaweza kupata majibu tofauti kabisa kuhusu cheti kilekile, na tofauti ikawa kwenye karatasi ya michango tu. Kuomba taarifa hiyo NSSF ni hatua ya siku moja, na inapaswa kutangulia hatua nyingine zote.

Si kila fundi anayetafuta cheti anatafuta 6G, hata kama ndilo jina analolisikia. Mwingine anataka aajiriwe kwenye karakana ya kiwanda au ya shule, mwingine amekataliwa zabuni ndogo kwa sababu hana karatasi yoyote inayoonyesha kwamba yeye ni fundi. Huyo hahitaji bomba la nyuzi 45. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Fundi hueleza historia yake ya kazi, huonyesha kazi alizozifanya, huhojiwa kwa mdomo, na hutazamwa akifanya kazi kwa mikono. Panapoonekana upungufu hupewa mafunzo ya kuziba pengo hilo, si kozi nzima. Cheti chake hakifi kwa kukosa agoni nusu mwaka. Hakimwingizi mtu kwenye kibanda cha majaribio cha bomba la mafuta, lakini humwondolea jina la fundi wa mtaani mbele ya ofisa rasilimali watu, na gharama yake ya muda ni ndogo. Ipo pia programu ya serikali ya kukuza ujuzi ambayo kwa nyakati fulani hugharamia urasimishaji huo. Inafaa kuuliza kwenye chuo cha VETA kilicho karibu kama dirisha liko wazi.

Kwa yule ambaye hesabu yake imekubali 6G, kimebaki kitu kimoja cha kukagua: karatasi atakayopewa. Rekodi halali ya mtihani huwa na namba ya waraka wa utaratibu wa uchomeleaji uliofuatwa, ambao mafundi huuita WPS, njia zilizotumika, aina ya chuma na elektrodi, kipenyo na unene wa bomba, mkao, tarehe, matokeo ya macho na ya kupinda au ya eksirei, na jina na sahihi ya aliyesimamia. Karatasi yenye picha, muhuri wa dhahabu na maneno "amehitimu mafunzo ya 6G" bila hayo yote ni cheti cha kuhudhuria. Fundi aombe kuona nakala ya rekodi ya mwanafunzi aliyetangulia, jina likiwa limefunikwa, kabla ya kutoa shilingi ya kwanza.

Mtihani wenyewe ufanywe karibu iwezekanavyo na tarehe ya ajira, si mwaka mmoja kabla, ili ile miezi 6 isianze kuhesabika akiwa bado nyumbani. Akishaingia kazini, aombe msimamizi amwekee sahihi kwenye daftari la kuendeleza sifa, likionyesha tarehe na njia aliyotumia, TIG na elektrodi kila moja kwa mstari wake. Mkataba ukiisha, daftari hilo ndilo litakalomwonyesha mkandarasi anayefuata kwamba mkono haujalala.